Mshahara umepanda, fundi anasema umeshuka: namna ya kuandika ofa ya ajira ya kudumu

*Washauri, hamjambo. Mimi ni msimamizi wa ofisi katika kampuni ndogo inayotengeneza mitambo ya kupoza maziwa hapa Nakuru. Tuna fundi ambaye amefanya kazi nasi miaka miwili kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Kila mwezi huleta invoisi ya shilingi 50,000, tunakata asilimia 5 ya KRA, naye anapokea 47,500. Mafuta ya pikipiki ya kuzungukia vyama vya wafugaji Njoro, Molo na Subukia hujinunulia mwenyewe, kama 6,000 hivi kwa mwezi. Mkataba wake unaisha tarehe 30 Aprili 2025 na bosi amekubali tumwajiri kabisa.*

*Nilimtumia ujumbe huu: "Hongera! Kuanzia Jumatatu tarehe 5 Mei 2025 utakuwa mfanyakazi wa kudumu kwa mshahara wa 55,000 pamoja na marupurupu yote ya kampuni. Kipindi cha majaribio ni miezi sita." Wafanyakazi wengine wana bima ya matibabu, kwa hiyo naye ataipata. Badala ya kufurahi, alienda kwa mhasibu anayemfahamu, akarudi akisema atapokea 42,000 na kwamba tumemshusha. Hajasaini. Bosi anaona hana shukrani. Nimwandikie vipi upya?*

*Msimamizi wa ofisi, Nakuru*

Ndugu yetu wa Nakuru, mhasibu wa fundi amepiga hesabu sawasawa. Fundi naye hakukosea kushtuka, maana ujumbe ulimpa nambari moja tu, na nambari hiyo haiwezi kulinganishwa na ile aliyozoea. Elfu hamsini ya invoisi na elfu hamsini na tano ya mshahara ni vipimo viwili tofauti. Kabla hujaandika lolote jipya, keti na kikokotoo upige hesabu ambayo mngepaswa kuipiga siku ile bosi alipotaja 55,000.

Mfanyakazi wa mshahara wa 55,000 hukatwa kwanza michango mitatu. Akiba ya uzeeni ya NSSF ni asilimia 6, yaani 3,300. Bima ya afya ya SHIF ni asilimia 2.75, yaani 1,512.50. Ushuru wa nyumba ni asilimia 1.5, yaani 825. Jumla ni 5,637.50. Tangu mabadiliko ya sheria za kodi ya Desemba 2024, michango hii yote mitatu huondolewa kabla ya kukokotoa PAYE, kwa hiyo kodi inapigwa kwenye 49,362.50. Shilingi 24,000 za kwanza hutozwa asilimia 10, ambazo ni 2,400. Shilingi 8,333 zinazofuata hutozwa asilimia 25, ambazo ni 2,083.25. Zilizobaki, 17,029.50, hutozwa asilimia 30, ambazo ni 5,108.85. Ukijumlisha unapata 9,592.10. Toa nafuu ya kodi ya 2,400 ambayo kila mfanyakazi mkaazi hupewa kwa mwezi, PAYE inabaki 7,192.10. Mkononi anapokea 42,170.40.

Kwa hiyo mshahara kabla ya makato umepanda kwa 5,000, na pesa zinazoingia kwenye simu au benki zimepungua kwa 5,329.60. Mtu anayelipa nyumba na karo kutoka kwenye 47,500 ataona shimo hilo mwezi wa kwanza, na neno "hongera" halitalijaza.

Hata hivyo 47,500 haikuwa yake yote. Ile asilimia 5 mnayokata kwenye invoisi ni malipo ya awali tu. Mtu anayelipwa kwa invoisi anatakiwa kuwasilisha ritani ya mwaka kufikia 30 Juni na kulipa tofauti ya kodi kufikia 30 Aprili ya mwaka unaofuata mapato hayo. Mapato ya 600,000 kwa mwaka, kabla ya kuondoa gharama za kazi, yanadai kodi ya 88,600 baada ya nafuu. Ninyi mlimkatia 30,000. Tofauti ni 58,600, sawa na 4,883 kwa mwezi. SHIF pia ilikuwa juu yake mwenyewe, 1,375 kwa mwezi kwa mapato hayo. Ukiondoa hizo mbili, 47,500 inakuwa kama 41,242, na bado hajaweka hata shilingi moja ya uzeeni. Katika ajira ya kudumu 3,300 yake inaenda NSSF na kampuni inaongeza 3,300 nyingine kwa jina lake, 6,600 kila mwezi.

Mafundi wengi wa invoisi hawaijui tofauti hiyo ya kodi hadi KRA iwaandikie. Usiitumie kumtisha wala kumnyamazisha, kwa sababu kwake pesa alizokuwa akipokea ni zile zilizoingia. Mweleze tu, kwa karatasi na nambari, kwamba kodi ambayo zamani ilimsubiri mwisho wa mwaka sasa inalipwa kila mwezi na kampuni kwa niaba yake.

Ukweli huo ukishasemwa, bado lazima mfuko wake wa mwezi usipungue, na hapa ndipo mafuta ya pikipiki yanapoingia. Leo anapokea 47,500 na kununua mafuta ya 6,000, anabaki na 41,500. Akiwa mfanyakazi wenu wa kudumu anakwenda Molo kwa kazi yenu, na mafuta ni gharama ya kampuni. Mkiyabeba, anabaki na 42,170.40 bila kugusa mafuta. Ni nyongeza ndogo ya karibu 670, lakini ni nyongeza, na ofa inaweza kuisema bila kuficha kitu.

Namna ya kulipa mafuta ina uzito wake. Bosi anaweza kusema, "Basi muongezee 6,000 za mafuta kwenye mshahara." Msifanye hivyo. Posho ya kudumu inayolipwa kila mwezi pamoja na mshahara huhesabiwa kama mapato na hukatwa kama mshahara. Kwenye ngazi yake ya kodi, 6,000 hizo zingemfikia kama 3,770, na pikipiki ingeishia njiani. Mrejeshee alichotumia kwa kazi kwa kuonyesha risiti ya kituo cha mafuta na daftari la safari: tarehe, chama alichokwenda, kilomita. Malipo ya kurudisha gharama halisi ya kazi hayaingii kwenye PAYE, mradi kumbukumbu zipo. Njia rahisi zaidi ni kampuni kufungua akaunti kwenye kituo kimoja cha mafuta, ajaze kwa kusaini na kulipa mlipe ninyi.

Bosi akikataa kabisa kubeba mafuta, na akataka fundi apokee 47,500 ile ile, basi mshahara kabla ya makato unapaswa kuwa karibu 63,500. Mwonyeshe nambari hiyo ili aone kwamba mafuta ndiyo njia nafuu. Mwonyeshe pia gharama kamili ya 55,000 upande wa kampuni: NSSF ya mwajiri 3,300, ushuru wa nyumba wa mwajiri 825, na tozo ya mafunzo ya kazi ya NITA 50, jumla 59,175 kwa mwezi, kabla ya mafuta na bima. Bosi ambaye hajaiona nambari hiyo mapema hushtuka mwezi wa Juni, na mshtuko huo humrudia mfanyakazi.

Sasa tarehe. Tunaelewa kwa nini uliandika Jumatatu tarehe 5: Mei mosi ni sikukuu, Ijumaa iko peke yake, na watu hupenda kuanza kazi Jumatatu. Lakini mkataba wake unaisha Jumatano tarehe 30 Aprili. Kuanzia Alhamisi hadi Jumapili hayuko chini ya mkataba wowote. Mkimlipa Mei kwa siku za kalenda, atapata 27 kati ya 31 ya 55,000, yaani 47,903 kabla ya makato, pungufu kwa karibu 7,097. Mtambo wa maziwa ukiharibika Subukia siku ya sikukuu, na maziwa hayangoji sikukuu, mtamwita akiwa nani? Akiungua kwa umeme siku hiyo, swali la fidia litaanzia kwenye pengo mlilolitengeneza wenyewe.

Kuna jambo la tatu kuhusu pengo, na ndilo zito zaidi. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 10, inataka maelezo ya maandishi ya ajira yaonyeshe siku kazi ilipoanza na pia siku utumishi usiokatika ulipoanza. Siku hizi mbili zinaweza kutofautiana. Ajira ya kudumu inaweza kuanza 1 Mei 2025 na utumishi ukahesabiwa tangu 1 Mei 2023. Ujumbe ukiwa kimya, yeye ataamini miaka miwili inahesabiwa, bosi ataamini haihesabiwi, na mtagundua mnatofautiana siku ya kugombana. Mfano mmoja: siku kampuni ikipunguza wafanyakazi, kifungu cha 40 kinadai malipo yasiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Miaka miwili ni siku 30. Andikeni tarehe hiyo waziwazi.

Ushauri wetu ni kuihesabu miaka hiyo. Ila kabla ya kuiandika, mpelekee mhasibu wa kampuni na wakili swali hili waziwazi: je, fundi huyu alikuwa kweli mkandarasi wa kujitegemea? Kama alikuwa akifika saa mbili, akitumia vifaa vyenu, akipangiwa safari na ninyi na hana mteja mwingine, KRA na mahakama ya kazi hutazama uhusiano wenyewe ulivyokuwa, si jina mlilouita kwenye karatasi. Kampuni inaweza kudaiwa PAYE na michango ya NSSF ya miaka hiyo. Kunyamaza katika ofa hakuondoi deni hilo. Ni bora mlijue na mlipange sasa kuliko kulisikia kwa ofisa wa ukaguzi.

Kipindi cha majaribio kiondoeni. Kifungu cha 42 kinaruhusu kipindi kisichozidi miezi sita, na ndani yake notisi ya kuachana ni siku 7 tu. Mwenye mshahara wa mwezi nje ya majaribio ana haki ya notisi isiyopungua siku 28. Fundi amebadilisha kompresa na kujaza gesi kwenye mitambo ya wateja wenu kwa miaka miwili, na mmemwongezea mkataba mara moja mkijua kazi yake. Ukimwekea miezi sita ya majaribio kwa kazi ile ile, yeye anasoma kwamba mnataka mlango wa kumtoa kwa wiki moja. Kama cheo kinabadilika, tuseme sasa atasimamia mafundi wawili, majaribio yana maana, lakini taja ni jambo gani linapimwa, nani anapima na lini. Kwa kazi isiyobadilika, hayana kazi.

Maneno "marupurupu yote ya kampuni" yafute pia. Hakuna anayejua yanabeba nini, na kila marupurupu yana siku yake ya kuanza. Likizo ya mwaka kisheria haipungui siku 21 za kazi kwa kila miezi 12 ya utumishi. Msipoeleza inavyohesabiwa, karani atamwambia asubiri hadi Mei ijayo. Andika kwamba anajikusanyia siku 1.75 kila mwezi na anaweza kuzichukua zikishakusanyika, kwa makubaliano na msimamizi. Likizo ya ugonjwa, siku 7 za mshahara kamili na 7 za nusu mshahara kwa mwaka, hupatikana baada ya miezi miwili mfululizo ya kazi. Mkihesabu utumishi wa zamani, anaipata tangu siku ya kwanza, na hilo liandikwe.

Bima ya matibabu ndiyo inayoleta machozi. Haianzi siku aliyosaini ofa. Inaanza siku kampuni ya bima inapothibitisha kwamba imeingiza jina lake na majina ya familia yake, na hiyo hutegemea fomu, nakala za vitambulisho na vyeti vya kuzaliwa vya watoto kufika. Mke wa fundi akienda kujifungua hospitalini wiki ya pili ya Mei wakidhani wamefunikwa, bili inabaki yao. Kwa hiyo mwombeni karatasi hizo Aprili, ulizeni kampuni ya bima kuhusu muda wa kungoja kwa uzazi na kwa magonjwa aliyokuwa nayo tayari, kisha mwandikieni tarehe mliyothibitishiwa. Kama haijathibitishwa, semeni hivyo hivyo kwenye ofa, na mumkumbushe kwamba kadri itakavyochelewa anategemea SHA, mamlaka inayosimamia SHIF.

Jambo la nyumba ni fupi lakini lisisahauliwe. Kifungu cha 31 kinamtaka mwajiri atoe nyumba inayofaa au alipe pesa za kodi ya nyumba juu ya mshahara, isipokuwa mkataba unasema mshahara tayari umejumuisha. Ukiandika 55,000 bila maelezo, miaka mitano baadaye anaweza kudai posho ya nyumba ambayo bosi anaamini alikuwa akiilipa. Gawanya: mshahara wa msingi 47,826 na posho ya nyumba 7,174, ambayo ni asilimia 15 ya msingi.

Kwa hayo yote, ujumbe unaweza kusomeka hivi. Hata kama barua rasmi ya kampuni yenu huandikwa kwa Kiingereza, mfuatano ubaki huu.

> Mada: Ofa ya ajira ya kudumu kuanzia 1 Mei 2025
>
> Bwana (jina kamili),
>
> Mkataba wako wa sasa unamalizika Jumatano tarehe 30 Aprili 2025. Kampuni inakupa ajira ya kudumu katika kazi unayofanya sasa, fundi wa mitambo ya kupoza maziwa, kuanzia Alhamisi tarehe 1 Mei 2025. Hakuna siku ya pengo kati ya mkataba na ajira. Kwa kuwa 1 Mei ni sikukuu, siku yako ya kwanza ya kuripoti ni Ijumaa tarehe 2 Mei, na Mei utalipwa mwezi mzima. Utumishi wako utahesabiwa tangu 1 Mei 2023. Hakuna kipindi cha majaribio.
>
> Mshahara wako utakuwa 55,000 kwa mwezi kabla ya makato: msingi 47,826 na posho ya nyumba 7,174. Utalipwa benki kufikia siku ya mwisho ya mwezi. Tofauti na sasa, hutaleta invoisi na hutakatwa asilimia 5. Kampuni itakata PAYE, NSSF, SHIF na ushuru wa nyumba na kuzilipa kwa niaba yako. Kwa viwango vya sasa utapokea mkononi 42,170.40. Hesabu yote, mstari kwa mstari, iko kwenye karatasi iliyoambatanishwa.
>
> Kuanzia 1 Mei hutanunua mafuta ya kazi kwa pesa yako. Utajaza kwenye kituo chenye akaunti ya kampuni na kuandika kila safari kwenye daftari. Nguo za kazi, buti na vifaa vitatolewa na kampuni. Matengenezo ya pikipiki yako yanayotokana na safari za kazi yatalipwa kwa risiti baada ya kuidhinishwa na msimamizi.
>
> Kampuni itachangia NSSF kiasi sawa na mchango wako, 3,300 kwa mwezi. Likizo ya mwaka ni siku 21 za kazi, ikikusanyika siku 1.75 kwa mwezi kuanzia 1 Mei. Likizo ya ugonjwa inapatikana tangu siku ya kwanza. Bima ya matibabu yako na ya familia itaanza tarehe (iliyothibitishwa na kampuni ya bima). Tafadhali leta fomu, nakala za vitambulisho na vyeti vya kuzaliwa kufikia tarehe 17 Aprili.
>
> Notisi ya kuacha kazi ni mwezi mmoja kwa kila upande. Saa za kazi na masharti mengine yako kwenye mkataba ulioambatanishwa. Ikiwa ujumbe huu na mkataba vinatofautiana mahali popote, tuambie kabla ya kusaini tusahihishe.
>
> Ofa hii iko wazi hadi Alhamisi tarehe 24 Aprili 2025. Ukiikubali, saini nakala mbili za mkataba na ubaki na moja.
>
> (Jina, cheo na saini ya mkurugenzi)

Sehemu ya matengenezo ya pikipiki tumeiweka kwa sababu ukibeba mafuta bila kusema lolote kuhusu matairi na mnyororo, ugomvi utahamia huko. Bosi akiona ni mzigo, muweke kikomo cha mwezi, lakini mkiseme.

Angalieni pia kwamba anayesaini ni mwenye mamlaka ya kuajiri. Ujumbe wa WhatsApp kutoka kwa msimamizi wa ofisi unaweza kuibana kampuni na wakati huohuo kumwacha mfanyakazi bila karatasi ya kumwonyesha afisa wa benki au wa sacco. Utume ukiwa taarifa ikiwa mmezoeana hivyo, lakini barua na mkataba vipewe mkononi vikiwa na saini. Na kwa kuwa ule ujumbe wa kwanza tayari anao, mstari mmoja useme kwamba ofa hii inachukua nafasi ya ujumbe uliotangulia, ili 5 Mei na miezi sita visibaki vikielea.

Msiichanganye invoisi ya mwisho na mshahara wa kwanza. Kazi ya Aprili ilipwe kwa invoisi ya Aprili, ikatwe asilimia 5 kama kawaida, na cheti chake kionekane kwenye iTax yake. Kazi ya Mei iingie kwenye orodha ya mishahara. Ili hilo liwezekane, kabla ya mwisho wa Aprili mhasibu awe na PIN yake ya KRA, nambari ya NSSF, nambari ya SHA na akaunti ya benki. Anayelipwa kwa invoisi miaka miwili mara nyingi hana nambari ya NSSF inayotumika, na mwezi wa kwanza ukipita bila mchango kampuni ndiyo inayotozwa adhabu.

Mwambieni pia, ili asije akalaumu ajira mpya, kwamba ritani yake ya 2025 itakuwa na sehemu mbili: mapato ya invoisi ya Januari hadi Aprili na mshahara wa Mei hadi Desemba. Kwa hesabu ya juu juu, kabla ya kuondoa gharama za kazi alizolipa mwenyewe, atadaiwa karibu 19,500 kwa sababu miezi minne ya mwanzo ilikatwa asilimia 5 tu. Risiti za mafuta za miezi hiyo minne zitampunguzia, kwa hiyo asizitupe.

Kuhusu bosi: mpe karatasi ya hesabu kabla hujampa rasimu. Akiona 47,500 upande mmoja na 42,170.40 upande wa pili, na 6,000 za mafuta chini yake, ataona mwenyewe fundi aliguswa wapi. Kisha kaeni watu watatu, wewe, bosi na fundi, mpitie karatasi hiyo kabla barua haijachapwa. Mkifika kwenye mstari wa mafuta, mwachie fundi aseme hutumia kiasi gani hasa. Kama si 6,000 bali 8,000 wakati wa mvua barabara za Molo zinapokuwa tope, ni vizuri nambari hiyo ijulikane sasa.

Hati ya mshahara ya Mei ikitoka, iwekeni kando ya ile karatasi mlinganishe mstari kwa mstari. Senti zikitofautiana, huenda ni mfumo wa mishahara unavyokadiria. Tofauti ikiwa mamia, mara nyingi ni nafuu ya 2,400 iliyosahauliwa au michango ambayo haikuondolewa kabla ya PAYE, na mhasibu anaweza kuirekebisha kabla ya tarehe 9 Juni, siku ambayo PAYE ya Mei inapaswa kuwa imelipwa.